Kadi moja ya Kipaimara, wageni wa dini mbalimbali: namna ya kuiandika

Novemba ikiingia, kazi ya steshenari yangu hapa Moshi inakuwa moja tu: kadi za Kipaimara. Mzazi anaingia, anaweka flashi mezani na kusema, "Hiyo ni ya mwaka jana ya dada yake, badilisha jina na tarehe." Naifungua, naisoma, halafu namwomba orodha ya wageni. Mara nyingi Walutheri hawafiki hata nusu. Waliobaki ni jirani Mwislamu wa Majengo, Wakatoliki wa kazini, mwalimu Msabato wa kutoka Upareni, shemeji aliyeokoka, na yule Mhindu mwenye duka la vipuri anayempa baba wa kijana mali kwa mkopo. Kadi imeandikwa kana kwamba wote hao wamelelewa usharika mmoja.

Ninaeleza hapa ninavyoiandika kadi ya aina hiyo. Nimechukua Kipaimara cha Kilutheri kwa sababu ndicho ninachokijua toka ndani. Mwenye komunyo ya kwanza au akika atabadilisha panapomhusu.

1. Anza kwa mzee wa kanisa, kadi baadaye

Kabla hujaniletea flashi, nenda kwa mzee wa kanisa wa mtaa wako na umuulize vitu vitatu: ibada inaanza saa ngapi, wanaopata Kipaimara ni wangapi, na wageni wasio waumini wakae upande gani.

Idadi ya vijana ndiyo inayokupa saa ya chakula. Vijana wamesoma mafundisho miaka miwili, siku hiyo wanaulizwa na kuungama imani mbele ya usharika, kisha mchungaji anamwekea mikono mmoja mmoja na kumsomea neno lake. Hesabu dakika moja kwa kila kijana. Wakiwa 60, hiyo peke yake ni saa nzima, juu ya ibada ya kawaida, Chakula cha Bwana, na mnada wa nje ambapo mkungu wa ndizi unaweza kuuzwa mara tatu kwa sababu kila anayeununua anaurudisha. Ibada iliyoanza saa 3:00 asubuhi usiitegemee kuisha kabla ya saa 7:00 mchana. Nimeona kadi iliyoandika chakula saa 6:30. Wageni waliokuja moja kwa moja nyumbani walikaa na mpishi na mbwa.

Muulize pia kuhusu kofia. Kanisani mwanamume huvua kofia, na mhudumu wa mlangoni asiyejua lolote anaweza kumgusa bega mzee wa watu aliyevaa kofia yake ya kiua na kumwambia aivue. Baadhi ya wazee wa Kiislamu wataivua wenyewe kwa heshima ya mahali, wengine hawatapenda. Uamuzi ni wao, na mhudumu aambiwe mapema asimguse mtu.

2. Toa milango miwili

Kadi nyingi huunganisha ibada na chakula kwa "na", kwa hiyo mgeni anadhani asipokwenda kanisani hana haki ya kwenda mezani. Kuna Waislamu wanaoingia kanisani bila shida yoyote kumsindikiza mtoto wa jirani, na kuna ambao dhamiri yao haiwaruhusu. Huwezi kujua nani ni nani kwa kumwangalia, na si kazi yako kujua. Mpe sehemu mbili zenye saa mbili na mahali pawili, uache achague bila kujieleza.

Familia moja ilitaka niandike: "Wageni wasio Wakristo watufikie nyumbani saa 8:00 mchana." Nia ilikuwa njema, walitaka kuwapunguzia usumbufu. Lakini usome kama wewe ndiye Hajjat uliyembeba huyo kijana mgongoni akiwa mdogo: umefungiwa mlango wa kanisa kabla hujabisha. Tuliandika hivi badala yake:

"Ibada itaanza saa 3:00 asubuhi. Chakula kitakuwa nyumbani kuanzia saa 8:00 mchana. Utakapoanzia, hapo ndipo tutakapokupokea."

Hakuna dini iliyotajwa, na anayetaka kuanzia nyumbani amepewa ruhusa ile ile ya anayeanzia kanisani. Hata Mlutheri mwenye mtoto mchanga ameishukuru sentensi hiyo.

Saa ziandike kwa Kiswahili pamoja na sehemu ya siku: "saa 3:00 asubuhi", "saa 8:00 mchana". Ukiandika "9:00" kuna atakayekuja alasiri. Kama kuna mgeni wa nje ya nchi, tengeneza kadi yake ya lugha yake peke yake. Usichanganye saa mbili kwenye kadi moja.

3. Chunga neno "kushiriki"

Hapa nilijikwaa mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita niliandika kadi za mtoto wa dada yangu: "Unakaribishwa kushiriki nasi Ibada na Chakula." Kwangu ilikuwa sentensi safi. Siku moja kabla ya ibada jirani yetu, bibi wa Kiislamu wa miaka sabini na kitu, alinisimamisha njiani. "Mwanangu, hapa mmeandika nishiriki. Ndiyo nile na kile kimkate chenu?" Nilicheka, nikamwambia hapana. Hakuja, si kanisani wala nyumbani. Baadaye nilielewa kwamba hakuwa anatania. Alikuwa ameuliza kwa adabu, na mimi nikamjibu kwa kicheko.

Na alikuwa na haki. Walutheri wenyewe tunasema "nimeshiriki" tukiwa na maana ya kupokea Chakula cha Bwana. Mkatoliki husema "nimekomunika" au "nimepokea", lakini akiona "kushiriki Chakula" kwenye kadi ya Mlutheri naye anasita, maana utaratibu wa kanisa lake haumruhusu kupokea kwetu. "Chakula" chenye herufi kubwa kinaongeza utata. "Meza" nayo vilevile, ikiwa imeandikwa karibu na neno "Bwana".

Kwa hiyo kwenye kadi ya mchanganyiko natumia "kuhudhuria ibada" na "chakula cha mchana". "Kuwa nasi" pia inafaa. Neno "kushiriki" nimelitoa kabisa, hata kwenye "kushiriki furaha yetu", kwa sababu msomaji huliona neno kabla ya kumaliza sentensi.

Mengine ya maneno ni mafupi. Kichwa cha kadi usikifiche: hii ni shughuli ya Kikristo na mgeni anajua. "Kwa neema ya Mungu" inatosha. Mstari wa Biblia weka ukipenda, lakini mmoja, na uwe wa kijana. Usichague ule unaomwambia msomaji kwamba njia yake imekosea. Ujumbe wa simu kwa mgeni wa dini nyingine usiuanze na "Bwana Yesu asifiwe", kwa sababu salamu hiyo inadai jibu, nawe umempa kazi ya kutafuta cha kujibu. Mwandikie "Shikamoo bibi" au "Habari za nyumbani", kama unavyomsalimu dukani kila siku.

4. Saa za watu wengine

Kipaimara kikiwa Jumapili, Msabato hana tatizo la siku, maana Sabato yake imeisha Jumamosi jua lilipozama. Tatizo linakuja ukiweka kikao cha familia au sherehe ya kumpongeza kijana Jumamosi mchana. Isogeze iwe baada ya saa 1:00 usiku, au usishangae kiti chake kikiwa wazi.

Kwa Mwislamu, hesabu ni ya adhuhuri. Hapa Moshi mwanzoni mwa Desemba adhuhuri inaingia dakika ishirini hivi baada ya saa 6 mchana, na alasiri inaingia muda kidogo kabla ya saa 10. Chakula cha saa 8:00 kinampa nafasi ya kutosha ya kuswali katikati, alimradi ana pa kuswalia. Tenga chumba kimoja chenye mkeka safi kisicho na picha ukutani, na ndoo ya maji na kata karibu na bafu. Kibla ni rahisi kwetu: kutoka Moshi mjini ni kaskazini, kwa kupotoka kidogo sana kuelekea mashariki, maana yake mtu akielekea Kibo amepatia. Ndugu zangu wa Arusha msiutumie Meru namna hiyo, mlima wenu umekaa kaskazini mashariki ya mji na utawapoteza.

Haya yote usiyaweke kwenye kadi. Sentensi moja kwenye ujumbe wa simu inatosha: "Chumba cha kuswalia kipo, maji yapo."

Ramadhani ikiangukia siku yako, sogeza chakula kiwe futari au peleka sahani nyumbani kwa mgeni magharibi. Kumwalika mtu aliyefunga kwenye chakula cha mchana ni kumkalisha aangalie wenzake wakila.

5. Mavazi: "ya heshima" haitoshi

Kila mtu anadhani lake ni la heshima. Sema kinachoonekana: "Tunaomba mabega na magoti yafunikwe kanisani." Kisha ongeza: "Hijabu, kilemba na kofia, vaa kama ilivyo kawaida yako." Sentensi hiyo ya pili uiandike tu kama mzee wa kanisa amekubali. Ukiiandika kabla, umeahidi kitu kwenye mlango usio wako.

Kama kuna rangi ya sherehe, andika "ukipenda". Sare ya kitenge inayouzwa na kamati isiwe sharti la mtu kukaa mezani. Na mshonaji akiulizwa, gauni la mgeni Mwislamu liwe na mikono mirefu bila yeye kulazimika kuomba.

6. Chakula: andika ulichofanya, usiandike hukumu

Wengi wanataka niandike "Chakula ni halali." Ninawauliza: nani amechinja? Mafuta ya kukaangia yametoka wapi? Sufuria zimekodiwa kwa nani, na wiki iliyopita zilipika nini? Wananyamaza. Uhalali ataupima mwenye dini yake. Wewe mpe ukweli anaouhitaji ili apime: "Nyama zote zimechinjwa na Mwislamu. Nguruwe hatutapika." Sentensi hizo mbili fupi zinaaminika zaidi, na ukiulizwa swali una jibu.

Nyama ya bucha mjini kwa kawaida imechinjwa na Mwislamu, kwa hiyo hatari haiko kwenye ng'ombe wa pilau. Hatari iko kwenye ndafu. Mbuzi wa ndafu mara nyingi anatoka nyumbani kijijini na kuchinjwa na mjomba alfajiri, halafu anakuja mezani mzima, amepambwa, ana majani mdomoni. Mgeni Mwislamu akiitwa mbele kulishwa kipande na kijana, mbele ya kamera na watu mia mbili, anakula kwa aibu au anakataa kwa aibu. Mwombe mwalimu wa madrasa wa mtaani au mchinjaji wa buchani aje achinje, kabla mjomba hajashika kisu. Si jambo la kufanyia mzaha: suala la nani achinje lilileta vurugu na kifo kule Geita mwaka 2013. Mwambie pia mchomaji asiipake bia.

Vyakula vyetu vingine navyo viangalie kimoja kimoja. Kisusio kina damu, kwa hiyo Mwislamu na Msabato hawakigusi. Kiweke kwenye chungu chake mbali na mtori, na upawa wake usihame. Mtori na machalari vina nyama ya ng'ombe, kwa hiyo havimfai Mhindu. Kiburu, ndizi na maharage, kinawafaa karibu wote ukikipika kwa mafuta ya alizeti tu. Keki ya matunda huwa inaloweshwa brandi. Agiza isiyo na kilevi, na usimpe mgeni kipande kabla hujahakikisha.

Usimuulize mgeni "unakula nini?" Mtu wa kwetu atajibu "chochote tu, msijisumbue," kisha atakula wali mkavu. Mpe herufi za kujibu kwenye simu: N kwa nyama, S kwa samaki, M kwa mboga tupu. Kujibu herufi hakumfanyi mtu aonekane msumbufu.

Sasa mbege na bia. Kama vitakuwepo, sema, kwa sababu wapo wasiokaa meza moja na kilevi, na hapo Mlokole, Msabato na Mwislamu wanakaa upande mmoja. Tenga eneo zima, halafu andika: "Upande wa bustani hautakuwa na kilevi." Kuna hatua watu wanairuka: kadi ya mchango. Mwislamu aliyetoa 50,000 hataki zinunue kreti. Mweka hazina atenganishe vinywaji, na kadi ya mchango iseme: "Michango itagharamia chakula, viti na maturubai. Vilevi ni gharama ya familia." Nimeona mchango ukija haraka baada ya mstari huo kuliko baada ya kukumbushwa mara tatu.

7. Mwenendo: mwambie mgeni anachoweza kutofanya

Mgeni haogopi sana kukosea. Anaogopa kukaa peke yake wengine wakisimama. Kwa hiyo sehemu hii iandike kwa ruhusa, isiwe kwa makatazo. Usiandike "Wasio Walutheri wasije mbele." Andika: "Wakati wa Chakula cha Bwana wengi watabaki wamekaa, nawe baki umekaa kwa amani." Hilo ni kweli, kwa sababu hata watoto wa Kilutheri ambao hawajapata Kipaimara hawaendi.

Yaliyobaki ni machache. Wengine wakisimama kwa Injili, kusimama ni heshima tu. Kupiga magoti na kusema amina si lazima. Sadaka haidaiwi kwa mgeni, na kikapu kikipita kipitishe. Mnada wa nje ni wa kila mtu. Yule Mhindu wa vipuri mwaka fulani aliondoka na jogoo wawili na watu wakampigia makofi. Picha wakati wa kuwekewa mikono ziachwe kwa mpiga picha wa usharika.

Mshehereshaji naye apewe karatasi yake, kwa sababu ndiye anayeharibu kazi yote kwa dakika mbili. Asimwite mgeni kwa dini yake. Asiwanyanyulishe watu glasi kabla ya kusema kilichomo. Kulishwa keki kuwe kwa anayejitokeza. Na mwanamke wa Kiislamu akiweka mkono kifuani badala ya kuutoa, asimng'ang'anize mbele ya kipaza sauti.

8. Kadi na ujumbe vikiwa tayari

Kadi ina nafasi ndogo, kwa hiyo mambo ya chakula na mwenendo naweka kwenye ujumbe wa WhatsApp unaofuata siku ile ile. Mfano wa kadi, kwa Jumapili ya tarehe 6 Desemba 2026:

*Kwa neema ya Mungu, familia ya ………… wa Majengo, Moshi, inakualika wewe (na ……) kuwa nasi siku kijana wetu ………… atakapopata Kipaimara, Jumapili tarehe 6 Desemba 2026.*
*Ibada: saa 3:00 asubuhi, KKKT Usharika wa …………*
*Chakula cha mchana: nyumbani, kuanzia saa 8:00 mchana.*
*Utakapoanzia, hapo ndipo tutakapokupokea.*

Na ujumbe wa kwenda kwa bibi wa jirani:

*Shikamoo bibi. Kadi ya mjukuu wako ameileta dada yake, naamini imefika. Ukipenda kuja kanisani, kiti chako kipo upande wa mlango wa pembeni, unaweza kutoka muda wowote. Mabega na magoti yafunikwe. Hijabu vaa kama kawaida yako. Wakati wa Chakula cha Bwana wengi watabaki wamekaa, nawe kaa tu. Ukipenda kuja nyumbani moja kwa moja, tunakusubiri kuanzia saa 8:00 mchana. Nyama zote zimechinjwa na Mwislamu, nguruwe hatutapika, na upande wa bustani hautakuwa na kilevi. Chumba cha kuswalia kipo, maji yapo. Nijibu N kwa nyama, S kwa samaki au M kwa mboga tupu kabla ya tarehe 29 Novemba.*

Kwa Mkatoliki unaondoa chumba cha kuswalia na kubakiza mstari wa kubaki amekaa. Kwa Msabato unabakiza mistari ya nguruwe na kilevi, unaongeza kwamba kuna juisi na maji, kwa kuwa wengi wao hawanywi chai ya majani wala kahawa. Kwa Mhindu: "Kiburu, wali na mboga havitaguswa na nyama." Usitume ujumbe mmoja kwa wote, kila mtu akisoma mahitaji ya wenzake, wengine watajiona wamehesabiwa.

Bibi asiyesoma simu, mfuate. Kaa naye barazani, msomee kadi taratibu, kisha nyamaza kidogo. Akiuliza swali, hata kama linakuchekesha, mjibu kama lilivyoulizwa.

Jumamosi jioni funga mbwa nyuma ya banda, hesabu herufi zilizojibiwa, na mpigie simu yule ambaye hajajibu.